Saa ngapi kwa mada ipi: nilivyogawa muda wa kujiandaa na mitihani ya kozi tano

Muhula ule nilikuwa na jedwali niliyoiamini kabisa. Kozi zilikuwa tano, na kila moja niliipa namba tatu: krediti zake, ugumu wake kuanzia 1 hadi 5, na uhakika nilionao, nao kuanzia 1 hadi 5. Nikazidisha krediti kwa ugumu, kisha nikazidisha kwa 5 kutoa uhakika. Kozi iliyotoka na namba kubwa ilipata saa nyingi, yenye namba ndogo ikapata chache. Nilikuwa na saa 70 na jumla ya pointi zangu ilikuwa 140, kwa hiyo kila pointi ilikuwa nusu saa. Hesabu ilikaa sawa, nikaanza kusoma.

Kozi ya krediti 4 niliyoiogopa kuliko zote niliipa ugumu 5 na uhakika 1. Nne mara tano mara nne ni 80, maana yake saa 40. Kozi ya krediti 2, ambayo niliiona nyepesi, niliipa ugumu 2 na uhakika 3. Mbili mara mbili mara mbili ni 8, maana yake saa 4. Nilizifuata saa hizo kwa uaminifu mkubwa. Kwenye ile ngumu nilikaa hadi macho yakauma, na matokeo yakatoka 46. Kwenye ile nyepesi nilipata 52, na nilipokaa kuipitia pepa baada ya mtihani niliona maswali mawili mazima ambayo saa tano au sita zaidi zingetosha kabisa kunipa. Zilikuwa alama za wazi, na niliziacha mezani kwa sababu jedwali ilinituma kwingine.

Nilimwonyesha jedwali hiyo dada mmoja aliyekuwa mwaka wa juu yangu, ambaye wenzangu walimsifu kwa kupanga. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye safu ya ugumu.

"Mdogo wangu, hapa umezidisha kwa ugumu," akasema. "Mada ngumu inakula saa nyingi, sawa. Lakini ukikaa nayo saa moja, inakupa alama ngapi?"

"Chache, dada."

"Sasa mbona ndiyo umeipa saa nyingi kuliko zote?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha namna yangu ya kupanga. Nilikuwa nimechanganya mambo mawili yanayofanana kwa sura. La kwanza ni saa ambazo mada inahitaji ili niijue. La pili ni saa ambazo inafaa niipe, nikiwa na muda usiotosha. Katika la kwanza ugumu unaongeza saa. Katika la pili ugumu unapunguza kile ninachovuna kwa kila saa. Kama muda ungetosha mada zote, tofauti hiyo isingekuwa na maana, kwa sababu kila mada ingepata inachohitaji. Lakini sijawahi kufika mwisho wa muhula muda ukanitosha.

Basi muhula uliofuata nilianza upya. Nitaeleza nilivyofanya kwa namba zangu zenyewe, maana bila namba jambo hili linabaki maneno matupu.

Nilianza na saa nilizonazo kweli. Kwenye kalenda nilikuwa na siku 18 za kusoma, nikihesabu na zile zinazoangukia kati ya pepa na pepa. Kwa mazoea ningesema saa 6 kwa siku, jumla 108. Safari hii nilijipima kwanza. Kwa siku nne niliweka saa mezani, nikawa naiwasha ninapoanza kusoma na kuisimamisha kila ninaponyanyuka, ninaposhika simu au ninapojikuta nimetazama ukuta. Siku ambazo ningeapa nimesoma saa 6, saa iliniambia 4 na dakika chache. Kwa hiyo 18 mara 4, nikapata 72. Kati ya hizo nikatenga 12 nisizipangie kitu: za kuugua, za umeme kukatika, na za kurudia mada usiku wa kuamkia mtihani. Zikabaki 60.

Kutenga huko si woga. Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambao ndani yake waliwauliza wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakiandika tasnifu kwamba watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walikadiria siku zipatazo 34. Walimaliza baada ya siku zipatazo 55. Hawa walikuwa watu wanaoijua kazi yao, tena wameifikia mwishoni, na bado walikosea kwa kiasi hicho. Mimi nikisema saa 3 huku kichwani naiona siku isiyo na usumbufu wowote, ninafanya kosa lilelile.

Baada ya hapo nikageukia krediti. Makosa hapa yalikuwa mawili, na la kwanza ni kwamba krediti peke yake haisemi mtihani una uzito gani. Kozi ya krediti 4 ambayo mtihani wake wa mwisho una asilimia 60 ya matokeo, na 40 zilizobaki zimeshapatikana kwenye kazi za muhula, haina tena krediti 4 za kugombania. Ina 2.4. Kozi ya krediti 3 yenye mtihani wa asilimia 70 ina 2.1, yaani karibu sawa na ile ya 4. Niliandika kozi zangu hivi: Takwimu 2.4, Kalkulasi 2.1, Uhasibu 1.8, Sheria ya Biashara 1.2, na Mawasiliano, yenye krediti 2 na mtihani wa asilimia 40 tu, 0.8.

Kosa la pili limejificha zaidi. Ukizidisha saa za kozi kwa krediti, kisha ukaigawa kozi hiyo katika mada, unaweza kuwa umeihesabu krediti mara mbili. Kozi ya krediti 4 kwa kawaida ina mada nyingi kuliko ya krediti 2, na mada nyingi zimeshaleta saa nyingi zenyewe. Mada moja ya uwezekano haihitaji saa mara mbili eti kwa sababu iko kwenye kozi kubwa. Kwa hiyo krediti nikaitoa kabisa kwenye hesabu ya saa zinazohitajika, nikaipeleka kwenye hesabu ya thamani, ambako ndiko kwao.

Sasa uhakika, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo jedwali nyingi zinapoharibikia bila mwenyewe kujua.

Kwenye Takwimu nilikuwa na mada tano. Kabla ya kujipima niliandika ninavyojisikia. Upimaji wa nadharia tete nilijipa asilimia 80, maana nilikuwa nimeusoma mara tatu na kila nikifungua daftari nilikuta mistari ninayoifahamu. Regresheni nilijipa 40, kwa sababu kipindi kile darasani nilitoka nimechanganyikiwa na hisia hiyo ilinikaa.

Kisha nikachukua swali la nadharia tete kutoka mtihani wa nyuma, la alama 25, nikafunga daftari na kubaki na karatasi tupu. Swali lilisema inadaiwa wastani ni 50, sampuli ya watu 64 imetoa wastani wa 52, mkengeuko sanifu ni 8, je, dai likubaliwe au likataliwe kwa kiwango cha asilimia 5, pande zote mbili. Nadharia tete mbili niliziandika vizuri. Nikachukua 52 kutoa 50, nikapata 2, nikagawa kwa 8. Nikapata 0.25, ambayo iko mbali chini ya 1.96, nikahitimisha kwamba hakuna sababu ya kulikataa dai. Nilipofungua majibu niliona nimesahau kugawa ule mkengeuko kwa kipeuo cha pili cha 64. Nane kugawa kwa nane ni 1, kwa hiyo jibu ni 2, nalo limepita 1.96, na dai linakataliwa. Hitimisho langu lilikuwa kinyume kabisa. Nilijisahihisha kwa ukali ambao ningeutegemea kwa msahihishaji, nikapata 10 kati ya 25. Hiyo ni asilimia 40, si 80.

Regresheni niliyoiogopa nikapata 15 kati ya 25, asilimia 60. Hisia zangu zilikuwa zimeninyima saa kwenye mada niliyozihitaji na kunipa saa kwenye mada niliyozihitaji kidogo.

Chanzo chake si siri. Kusoma tena kitu ulichokwisha kukisoma kunakifanya kiwe chepesi machoni, na wepesi huo tunauita kujua. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006. Wanafunzi waliorudia kusoma matini walijiamini zaidi kwamba wataikumbuka, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejijaribu kuikumbuka bila kuitazama ndio waliokumbuka zaidi. Tangu hapo safu ya uhakika kwenye jedwali yangu haina hisia ndani yake. Ina alama ya karatasi tupu: swali moja la mtihani wa nyuma kwa kila mada, daftari limefungwa, muda umewekwa. Kwa mada zote za kozi tano kazi hiyo ilinila karibu siku mbili. Sikuzihesabu kama hasara, kwa sababu kujijaribu kwenyewe ni kusoma.

Ugumu ulibaki. Kipimo cha 1 hadi 5 kinaonekana cha kawaida hadi ukizidishe. Ukiipa mada moja 1 na nyingine 5, umesema ya pili inahitaji saa mara tano ya ya kwanza, na sidhani kama ulikusudia kusema hivyo. Mimi nilirudi kwenye daftari la mihula iliyopita, ambako nilikuwa nimeandika muda niliotumia hapa na pale, nikaona jambo linalojirudia. Mada ya kawaida, ambayo mwalimu akieleza unafuata, ilikuwa inanipandisha asilimia 10 hivi kwa kila saa ya kusoma kwa umakini. Hiyo ikawa ugumu 1. Mada ya kukariri na kutoa mifano ilipanda kwa nusu ya muda huo, ikawa 0.5. Mada yenye hatua nyingi zinazotegemeana ikawa 1.5, na zile chache ambazo nahitaji kuzirudia kuanzia msingi zikawa 2. Namba hizo ni zangu. Za mwingine zitakuwa tofauti, lakini zinapatikana kwa njia hiyohiyo: jipime, soma saa mbili, jipime tena, uone umepanda kiasi gani.

Lengo niliweka asilimia 80 kwa kila mada, si 100. Kutoka 80 kwenda juu kasi ile ya asilimia 10 kwa saa haipo tena. Pale unatafuta makosa madogo na maswali ya mitego, na saa mbili zinaweza kupita bila kukupandisha kitu.

Mwisho nikawa na mistari miwili:

```
saa     = 10 × ugumu × (0.8 − uhakika)
thamani = krediti × sehemu × alama × (0.8 − uhakika) / saa
```

Ile "sehemu" ni sehemu ya matokeo inayotoka kwenye mtihani wa mwisho, kama 0.6. "Alama" ni alama ambazo mada hubeba kwenye pepa, nilizozipata kwa kupitia mitihani ya nyuma ya kozi hiyo na kuona kila mada huja na alama ngapi.

Takwimu ikatoka hivi. Uwezekano, ugumu 1, uhakika 0.6: saa 2. Migawanyo ya uwezekano, ugumu 1, uhakika 0.5: saa 3. Nadharia tete, ugumu 1.5, uhakika 0.4: saa 6. Regresheni, ugumu 1.5, uhakika 0.6: saa 3. Kai mraba, ugumu 1, uhakika 0.2: saa 6. Jumla saa 20. Nilifanya hivyohivyo kwa kozi nyingine: Kalkulasi ikadai 36, Uhasibu 18, Sheria 9, Mawasiliano 5. Zote pamoja 88, na mkononi nina 60.

Upungufu wa saa 28. Muhula uliotangulia ningepunguza kila kitu kwa kiwango kimoja, nizidishe kwa 60 juu ya 88, kila mada ipewe theluthi mbili na ushee. Inaonekana haki, lakini mada hazigawiwi kama urithi. Mada ngumu ikipewa theluthi mbili ya saa zake mara nyingi haikupi theluthi mbili ya alama, maana unakuwa umefika katikati ya hatua ambazo hazina faida hadi ufike mwisho. Na mada nyepesi, ambayo ingekulipa kila dakika, umeikata bila sababu.

Hapo ndipo mstari wa pili ulipofanya kazi. Nichukue mada tatu. Nadharia tete kwenye Takwimu: 4 mara 0.6 mara 25 mara 0.4, gawa kwa saa 6, thamani 4. Mfululizo kwenye Kalkulasi, swali la alama 25, ugumu 2, uhakika 0.1, saa 14: thamani 2.6. Mikataba kwenye Sheria, alama 30, ugumu 0.5, uhakika 0.4, saa 2: 2 mara 0.6 mara 30 mara 0.4, gawa kwa 2, thamani 7.2. Kozi ya krediti 2 ambayo muhula uliotangulia ningeirushia saa mbili tatu za mwisho ilikuwa na mada inayolipa karibu mara tatu ya mfululizo, mada niliyoiogopa kuliko zote. Nilirudia hesabu hiyo mara mbili nikidhani nimekosea.

Ukiitazama vizuri fomula hiyo utaona kitu kingine. Ule mwanya kati ya 0.8 na uhakika uko juu na uko pia ndani ya saa zilizo chini, kwa hiyo unafutika. Uhakika haubadilishi mpangilio wa thamani. Unasema tu mada itakula saa ngapi kabla ya kuisha. Kinachopanga nani atangulie ni krediti, sehemu ya mtihani, alama na ugumu. Ndiyo maana kukimbilia mada "nisiyoijua kabisa" kwa sababu tu siijui kunaweza kuwa kosa. Kutoijua kunaifanya iwe ndefu, na urefu si sababu ya kuitanguliza.

Nikaanza kukata kuanzia chini. Kwenye Kalkulasi pepa ilikuwa na maswali 6 na mwanafunzi anachagua 4. Swali la ujazo wa maumbo yanayozungushwa lilinidai saa 10, nikaliacha lote. Mfululizo nikaushusha kutoka saa 14 hadi 3, nikashika kipengele cha kwanza tu, kile cha kupima kama mfululizo unakomea mahali kwa kutumia uwiano wa namba zake mbili zinazofuatana, ambacho kwenye mitihani ya nyuma kilikuwa na alama 8 na hakihitaji vingine vinavyofuata. Kalkulasi ikashuka kutoka 36 hadi 15. Mawasiliano ikatoka 5 ikawa 2. Mada ya uwezekano, ambayo tayari ilikuwa 60, niliiacha hapohapo nikaokoa saa 2, na Uhasibu nikaupunguzia 2 kwa kushusha lengo la mada moja. Takwimu 18, Kalkulasi 15, Uhasibu 16, Sheria 9, Mawasiliano 2. Jumla 60.

Kukata huko kuna masharti, na ni vizuri kuyasema kabla mtu hajaiga. Niliweza kuliacha swali zima kwa sababu pepa ilitoa uchaguzi. Kama maswali yote yangekuwa ya lazima, kuacha mada ni kuacha alama zake zote. Hata pale penye uchaguzi, kuacha maswali mawili kati ya sita kunamaanisha yale manne yaliyobaki huna ruhusa ya kuyakosa, na kile kipengele cha alama 8 nilikishika kwa ajili hiyo. Pia kuna alama ya kufaulu. Kozi ambayo uko karibu na mstari wa kuirudia haipimwi kwa fomula hii, kwa sababu alama mbili za pale mstarini zina uzito kuliko alama kumi za juu yake. Kozi kama hiyo ipe kwanza saa za kuivusha, kisha zilizobaki ndizo ugawe. Na mada nyingine zinabeba wenzake. Regresheni kwenye Takwimu inamalizikia kwenye upimaji wa nadharia tete, kwa hiyo kuiruka nadharia tete ni kuzijeruhi mada mbili. Mada kama hiyo niliiweka mwanzo hata kama namba yake haikuwa ya kwanza.

Utekelezaji haukwenda sawasawa. Nadharia tete niliipangia saa 6. Baada ya saa 2 nikajipima kwa swali jipya, nikategemea nimepanda kama asilimia 13, maana kwa ugumu 1.5 saa mbili ni hivyo. Nikapata 11 kati ya 25. Nilikuwa nimepanda asilimia 4 tu. Kipimo hicho cha katikati ndicho kilichoniokoa, kwa sababu bila hicho ningejua siku ya mtihani. Nilipotazama nilivyotumia zile saa mbili, niliona nimesoma mifano iliyokwisha kutatuliwa, mmoja baada ya mwingine, nikiitikia kwa kichwa. Nikabadilisha, nikawa naandika swali tu, nafunga kitabu, natatua hadi mwisho, ndipo nafungua. Saa mbili zilizofuata zikanifikisha 16. Hatimaye mada ilikula saa 8 badala ya 6, na mbili za ziada zikatoka kwenye zile 12 nilizotenga.

Jambo jingine ambalo sikulihesabu ni kusahau. Migawanyo ya uwezekano niliimaliza siku ya tatu nikiwa na asilimia 80. Siku ya kumi na mbili nilijijaribu swali moja nikapata chini ya 60. Jedwali yangu ilichukulia kwamba mada ikifika 80 inakaa hapohapo, na si kweli. Nikaanza kurudi kwenye kila mada iliyokamilika kwa dakika 20 za karatasi tupu kila baada ya siku nne au tano, na hizo nazo zikatoka kwenye akiba. Akiba yote ilikwisha siku mbili kabla ya pepa ya mwisho. Siku hizi natenga saa moja kati ya kila tano badala ya moja kati ya kila sita, na urudiaji nauandika kwenye jedwali kama kazi yenye saa zake.

Pepa ya Kalkulasi ilipofunguliwa, swali la ujazo lilikuwepo, na lilikuwa jepesi kuliko la miaka iliyotangulia. Nililisoma, mkono ukawasha kulijaribu. Nikageuza ukurasa, nikafanya matatu kati ya manne yangu, na nilipokwama kwenye la nne, la integresheni, nikalihamishia kwenye kile kipengele cha mfululizo. Nilipata 63. Sheria nilipata 74, na Takwimu 71.

Jioni ya siku ya mwisho, kabla ya kufunga daftari, niliandika saa halisi kando ya saa nilizokadiria. Kai mraba nilikuwa nimeupangia 6, ukaniishia kwa 4, kwa hiyo mada za aina hiyo sasa naziandika ugumu 0.7. Nadharia tete nikafuta 1.5, nikaandika 2.